Turubai la genge linunuliwe kwa mizani, si kwa rangi

Mfanyabiashara wa nyanya akiletewa tenga sokoni hulikagua mpaka chini. Atainua za juu, atapenyeza mkono katikati, atanusa, na akiona dalili ya kuoza atashusha bei au atalikataa tenga zima. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akienda dukani kununua turubai la kufunika genge lake, hulishika ukingo kwa vidole viwili, huuliza ukubwa, huuliza kama lipo la bluu, kisha huanza kupatana bei. Dakika tano nyingi. Baada ya miezi michache turubai limechanika juu ya nguzo, mvua inamwagika kwenye unga na dagaa, naye anarudi dukani kununua jingine la aina ile ile.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba turubai ni bidhaa ya kupimwa, na kipimo cha kwanza ni mizani. Unene unaousikia kwa vidole unadanganya, rangi inadanganya, na hata ukubwa ulioandikwa kwenye mfuko mara nyingi unadanganya. Nasema pia kwamba wengi wetu tunanunua turubai tukiogopa mvua, wakati kinacholiua ni jua. Mvua huja tu kuonyesha kazi ambayo jua lilikwisha kuifanya.

Tuanze na lilivyotengenezwa. Maturubai mengi yanayouzwa katika maduka yetu leo ni ya plastiki iliyofumwa. Kiwandani plastiki hukatwa kuwa tepe nyembamba, kama zile za mfuko wa salfeti, kisha hufumwa kwa kupishana kama mkeka. Mkeka huo peke yake una nguvu lakini unavuja, kwa hiyo hupakwa tabaka jembamba la plastiki laini juu na chini ili maji yasipite. Yaani turubai lina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Tepe zilizofumwa ndizo zinazobeba upepo na mvutano wa kamba. Tabaka la juu na chini ndilo linalozuia maji na kuzikinga tepe. Mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama anaweza kupunguza sehemu mojawapo, au zote mbili, na ukiangalia kwa mbali hutaona tofauti.

Sasa mizani. Uzito wa turubai hupimwa kwa gramu katika kila mita moja ya mraba. Wauzaji wa jumla wenyewe huita jiesiemu. Hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Pima urefu na upana wa turubai kwa futi kamba, kwa mita. Zidisha upate eneo. Pima uzito wake kwa mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ile wanayopimia nyama au mitumba. Gawanya uzito kwa eneo. Turubai la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20; likiwa na uzito wa kilo 1 na nusu, yaani gramu 1,500, kila mita ya mraba ina gramu 75. Likiwa na kilo 3.6, kila mita ina gramu 180. Pindo na pete huongeza uzito kidogo, lakini si kiasi cha kukupoteza njia.

Gramu hizo zina maana gani? Maturubai mepesi ya bei poa, hasa ya bluu, mengi huwa kati ya gramu 60 na 90. Hayo ni ya kufunika kitu kwa muda mfupi: mzigo usiku mmoja, tofali mbichi, rundo la mahindi wakati wingu limetanda. Kuanzia gramu 120 hadi 150 ni ya kati. Kwa genge linalosimama mwaka mzima, juani na kwenye upepo, mimi nisingeshuka chini ya gramu 180. Kwa kulinganisha, karatasi za plastiki ambazo mashirika ya misaada huwapa wakimbizi kwa ajili ya makazi, zile nyeupe za mita 4 kwa 6, zina takribani gramu 200 kwa mita, yaani karibu kilo 5 kwa karatasi nzima. Hayo si ya kuuzwa, na anayeyanunua mitaani anajitafutia matatizo, lakini ni kipimo kizuri cha kuonyesha wataalamu wanadhani ni uzito gani unaoweza kumsitiri binadamu nje. Ukizidi gramu 250 unaingia kwenye mzigo mzito unaodai nguzo imara, na kwa kibanda cha mirunda myembamba si lazima.

Usipime uzito bila kupima ukubwa. Maduka mengi huuza kwa futi, na turubai lililoandikwa futi 12 kwa 15 mara nyingi ni kipimo cha kabla ya kukunja pindo. Baada ya kukunjwa linaweza kuwa futi 11 na nusu kwa 14 na nusu. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini umepoteza zaidi ya asilimia 7 ya eneo uliloliplia, na genge lako lililopimwa kwa futi 12 sasa limebaki na pengo mahali ambapo mvua ya upande huingia.

Hapa nitaeleza kwa nini mizani peke yake haitoshi, maana wapo wajanja ambao tayari wanajua kwamba mteja ameanza kupima. Uzito unaweza kuongezwa kwa kujaza unga wa chokaa ndani ya plastiki. Chokaa ni rahisi kuliko plastiki na ni nzito kuliko plastiki. Turubai la namna hiyo ni zito mkononi lakini tepe zake ni chache na dhaifu. Kwa hiyo baada ya mizani, angalia ufumaji.

Chukua rula, iweke juu ya turubai na uhesabu tepe zilizopo ndani ya sentimita 2 na nusu, yaani inchi moja, kwa urefu na kwa upana. Kwenye maturubai dhaifu utahesabu 6 hadi 8. Kwenye yaliyo mazuri utahesabu 10, 12 au hata 14. Hesabu pande zote mbili, kwa sababu kuna wanaobana upande mmoja na kulegeza mwingine, na turubai huchanika kwa upande uliolegea. Kisha lishike turubai mbele ya jua au taa. Ukiona vitundu vya mwanga vimetapakaa kama nyota, hapo maji yatapita, tena tabaka ni jembamba. Ukiona tepe zimeachana kiasi kwamba kuna madirisha madogo ya mraba kati yake, basi unanunua tabaka na si mkeka.

Jaribio jingine hufanywa kwenye kona. Kunja kona kwa nguvu, kandamiza kwa ukucha, kisha uisugue kati ya viganja kama unavyofua ukosi wa shati. Tabaka zuri litabaki na alama ya mkunjo tu. Tabaka lililojazwa chokaa litaacha mstari mweupe na vumbi kidogo, na lile lililopakwa vibaya litaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Nusa pia. Harufu kali, vidoadoa vyeusi na rangi isiyo sawa ni dalili kwamba plastiki iliyokwisha kutumika imesagwa na kurudishwa. Si dhambi kutumia plastiki ya kurudishwa, ila nguvu yake ni ndogo na bei yake haipaswi kuwa ile ya plastiki mpya.

Najua muuza duka atanuna. Atasema hujaja kununua, umekuja kulichezea. Mwache anune. Anayeuza mchele hakatai mteja autafune.

Sasa tufike kwenye jua, ambalo ndilo gumu, kwa sababu kinga ya jua haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani. Ndani ya mwanga wa jua kuna mionzi ya urujuanimno, ile ile inayopausha shati lililosahauliwa kwenye kamba. Mionzi hiyo inapoipiga plastiki, hukata minyororo midogo iliyoiunganisha. Plastiki iliyokuwa inavutika huwa kavu, hupasuka vipande vidogo, mwishowe hugeuka unga mweupe. Ili kuizuia, kiwanda huchanganya dawa ndani ya plastiki kabla ya kufuma. Dawa hiyo ni ghali na huisha polepole kadiri turubai linavyokaa juani. Njia nyingine ni kuchanganya masizi maalumu ya kiwandani, yaani kaboni nyeusi, ambayo huumeza mionzi kabla haijaharibu plastiki. Ndiyo maana matangi ya maji na mabomba meusi huvumilia jua miaka mingi. Maturubai mengi mazuri hutumia ujanja wa kuchanganya: tepe za ndani ni nyeusi na tabaka la nje ni jeupe au la fedha. Weusi unakinga mkeka, weupe unarudisha joto. Ukikwaruza kona ya turubai jeupe na kuona weusi ndani, hiyo ni dalili njema, ingawa si hati ya uhakika, kwa maana rangi nyeusi tu isiyo kaboni ya kutosha haina kinga hiyo.

Sisi tuna sababu ya kuliogopa jua kuliko waliotengeneza bidhaa hizi. Tanzania ipo kati ya nyuzi 1 na 12 kusini mwa ikweta, na jua hutupiga karibu wima kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wenzetu wa nyanda za juu kama Mbeya, Njombe au Lushoto wasidanganywe na baridi. Kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10, hata kama umevaa sweta. Turubai lililoandikwa kwamba linadumu miaka miwili linaweza kuwa lilihesabiwa kwa jua la nchi nyingine.

Basi mfanyabiashara asiye na maabara afanye nini? Kuna jaribio moja ambalo naliamini, nalo linafaa zaidi likifanywa na kikundi, kwa mfano wapangaji wa mstari mmoja sokoni au wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Mnunue turubai moja la aina mnayofikiria. Mkate vipande viwili vyembamba, upana wa kiganja na urefu wa mkono. Kimoja mkipigilie juu ya ubao kilale wazi kuelekea angani, mahali pasipo na kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Cha pili mkifungie kwenye sanduku lenye giza. Baada ya miezi mitatu mvilinganishe. Sugueni kipande cha juani kwa kidole kikavu: kikiacha unga, kinga yake ni ndogo au hakuna. Kikunjeni mara kumi mahali pale pale: kikipasuka huku cha sandukuni kikiwa salama, mmepata jibu. Kisha kateni ukingo kidogo kwa mkasi na mjaribu kuvichana vyote viwili kwa mikono. Kama cha sandukuni kinawatoa jasho na cha juani kinachanika kama gazeti, msinunue mengine arobaini ya aina hiyo. Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu mmoja mwenye haraka, lakini kwa soko lenye wafanyabiashara mia ni muda mfupi sana.

Nitatoa mfano wa hesabu, nikitumia bei za kufikirika ili kila mtu aweke za kwake. Mama mwenye genge la nyanya, vitunguu na dagaa anahitaji turubai la mita 4 kwa 5. Dukani anaonyeshwa matatu. La kwanza ni la bluu, lina kilo 1 na nusu, shilingi 30,000. La pili ni zito, kilo 3.6, halina maelezo yoyote ya kinga ya jua na likikunjwa linaacha mstari mweupe, shilingi 60,000. La tatu lina kilo 3.6 vilevile, tepe 12 kwa inchi, nyeusi ndani na fedha nje, na majirani wamekwisha kulijaribu; shilingi 75,000.

Kwa macho ya mnunuzi wa kawaida la kwanza ni rahisi na la tatu ni anasa. Tuhesabu. Tuseme la kwanza linadumu miezi 6 juani: limemgharimu shilingi 5,000 kwa mwezi. La pili, kwa kuwa jua halijali uzito pasipo dawa, linafika miezi 9: karibu shilingi 6,700 kwa mwezi. La tatu likifika miezi 24 litakuwa limemgharimu shilingi 3,125 kwa mwezi. Gawanya pia bei kwa uzito. La kwanza ni shilingi 20,000 kwa kilo, la tatu ni kama 20,800 kwa kilo. Yaani plastiki anainunua kwa bei ileile. Katika la kwanza amepewa kidogo tu. Na angalieni la pili, ambalo kwa kilo ndilo rahisi kuliko yote, ndilo lililomtia hasara kubwa zaidi. Huyo ndiye mteja aliyepima uzito akasahau jua.

Na hapo sijahesabu nyanya zilizolowa siku turubai lilipopasuka, wala siku ya kazi iliyopotea kwa kushona viraka.

Atakayesema kwamba mama huyo hana 75,000 mkononi atakuwa amesema kweli. Lakini jibu si lazima liwe la bluu. Anaweza kufunika eneo dogo vizuri kuliko eneo kubwa vibaya. Turubai zuri la mita 3 kwa 4, kwa bei ile ile ya mita moja, lingemgharimu shilingi 45,000, na likatosha meza yenyewe na mwuzaji. Anaweza pia kuungana na jirani wakanunua karatasi moja pana ya kufunika meza mbili zinazopakana, mradi wapatane mapema nani atabaki nalo mmoja akihama.

Tena si kila mtu anahitaji turubai zuri. Hili nalisema kwa sababu wataalamu wengi husahau kulisema. Kinachochakaza turubai ni saa za jua, si miezi ya kalenda. Mfanyabiashara wa gulio anayetandika mara moja kwa wiki na kukunja jioni analianika turubai lake siku 52 kwa mwaka. Mwenye genge la kudumu analianika siku 365. Turubai jepesi linalokufa kwa miezi 6 juu ya genge linaweza kumvusha mtu wa gulio zaidi ya miaka mitatu kwa upande wa jua, ila litamchoka mapema kwa sababu ya kukunjwa na kuburutwa kwenye mawe. Kwa mtu huyo ningeshauri gramu 100 hadi 120 zenye ufumaji mzuri, na asiumize kichwa sana kuhusu dawa ya jua. Uzito mdogo ni faida kwake, maana anaubeba juu ya baiskeli.

Nailoni nazo zina wateja wake. Ile nyeusi inayouzwa kwa mita, ambayo mafundi huitandika chini ya sakafu, haikufumwa. Ikipata tundu la msumari, mpasuko hukimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa upepo mmoja tu, wakati kwenye turubai lililofumwa mpasuko hukutana na tepe ya mbele ukasimama. Nailoni angavu isiyo na dawa ndiyo mbaya kuliko zote juani, na pia hupitisha jua likachoma bidhaa chini. Nailoni ya vitalu nyumba ni tofauti, ina dawa ya jua, na kwa kibanda kidogo kisicho na upepo inaweza kufaa. Lakini usinunue iliyotolewa kwenye kitalu kilichokuwa kinapuliziwa salfa, kwani salfa huila ile dawa. Kuhusu maturubai mazito ya malori na yale ya pamba, nitasema tu kwamba ni mazuri, ni ghali, ni mazito, na la pamba likikunjwa likiwa bichi huoza.

Rangi nayo inahusika, ila si kwa sababu wanayoifikiria wengi. Chini ya turubai la bluu nyanya nyekundu huonekana kama zimefifia na samaki huonekana kama wa jana. Chini ya jekundu au la machungwa kila kitu huonekana kimeiva, na mteja akifika nyumbani hujiona amedanganywa, hata kama hukukusudia. Nyeupe au fedha huonyesha bidhaa kwa rangi yake na huleta joto dogo, jambo ambalo kwa mwuza mboga za majani lina maana kubwa kufika saa nane mchana. Kama turubai lina upande wa fedha, upande huo uelekee juani.

Baada ya kununua, turubai zuri linaweza kuuawa na ufungaji mbaya. Chunguza maturubai yaliyokufa na utaona mengi yamekatika kwa mstari ulionyooka juu ya nguzo au bomba la chuma. Chuma kikipigwa na jua huwa na joto kali, joto hilo huharakisha kazi ya mionzi, na upepo unasugua mahali pale pale. Paka bomba rangi nyeupe au lizungushie kitambaa cheupe kabla ya kutandika. Adui wa pili ni bwawa la maji. Dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 10 ni lita 100, yaani kilo 100, uzito wa gunia la mahindi lililolala katikati ya paa lako. Weka mteremko usiopungua sentimita 20 kwa kila mita, na usiruhusu turubai lilegee. Adui wa tatu ni kamba isiyonyumbulika. Upepo unapovuta kwa ghafla, kamba ya katani au ya nailoni hung'oa pete pamoja na upindo wake. Unganisha kamba na pete kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira utavutika na kurudi, na pete itabaki mahali pake. Wakati wa kununua, kagua pete ziwe kila baada ya mita moja au pungufu, na upindo uwe na kamba ndani yake.

Lipo jambo moja ambalo haliwezi kumalizwa na mnunuzi peke yake. Wakala wa Vipimo, ambao wakulima wanaujua kwa vita vyao dhidi ya lumbesa, na Shirika la Viwango, wangetusaidia sana kama kila turubai linaloingia dukani lingekuwa na lebo ya Kiswahili yenye mambo matatu: ukubwa halisi baada ya kukunjwa, gramu kwa mita ya mraba, na kama lina kinga ya jua au halina. Mfuko wa mbolea unaandikwa kilo zake na kilichomo. Sioni kwa nini mwenye genge auziwe plastiki kwa kukisia. Na wakati tukisubiri, viongozi wa masoko wanaweza kufanya kitu kisichohitaji sheria: kuning'iniza mizani moja ofisini kwao na kuwaruhusu wapangaji waje kupimia maturubai waliyoonyeshwa kabla hawajayalipia. Muuzaji anayekataa turubai lake lisipelekwe kwenye mizani atakuwa amejitangaza mwenyewe.

Mwisho, turubai likianza kuacha unga mweupe mkononi au vipande vidogo vikaanza kuanguka mezani, limekwisha, hata kama bado halijavuja. Wengi wetu hulichukua likaenda nyumbani au shamba kuanikia mahindi na maharage. Lisiende huko. Vipande hivyo huchanganyika na nafaka, ungo hauvitoi vyote, na mashine ya kusaga haichagui. La kuanikia liwe zima, na lile la genge lililochakaa likafunike kuni au tofali.